Retinoli na dawa za retinoidi: Tofauti iko wapi, na kwa nini zote hazitaki haraka

Kwenye rafu za maduka ya vipodozi na maduka ya dawa siku hizi kuna chupa na tyubu nyingi zenye majina yanayofanana: retinoli, tretinoini, adapaleni, tazaroteni. Mnunuzi akiuliza tofauti, mara nyingi hujibiwa kwamba ni vitu vile vile, vyote ni vitamini A. Jibu hilo ni la kweli nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayowaunguza watu uso.

Ni kweli kwamba vyote ni vya ukoo mmoja uitwao retinoidi, yaani vitu vinavyotokana na vitamini A au vinavyofanya kazi kama yake. Lakini ndani ya ukoo huo kuna kipodozi na kuna dawa, na nguvu zake hazilingani. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, matumizi mabaya hayaishii kwenye muwasho wa siku mbili tatu. Ngozi yetu ikiungua au kuvimba, hata kidogo, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Mtu anaanza kupaka ili aondoe madoa ya chunusi, anaishia kuyaongeza. Kwa hiyo hoja ya safu hii leo ni moja: jua ulichokishika mkononi, kisha kianze polepole kwa muda wa wiki nane hivi, hata kama karatasi iliyo ndani ya boksi inasema "paka kila usiku".

Safari ya retinoli ndani ya ngozi

Ngozi haiwezi kuitumia retinoli kama ilivyo. Ikishapenya, seli za ngozi huibadilisha kwanza kuwa retinaldehidi, halafu kuibadilisha tena kuwa asidi ya retinoiki. Hiyo asidi ndiyo inayofanya kazi. Huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru seli za juu zijibadilishe kwa kasi zaidi, vitundu vya vinyweleo visizibwe na seli zilizokufa, na kolajeni inayoshikilia ngozi itengenezwe.

Katika safari hiyo, kiasi kikubwa cha retinoli hakifiki mwisho. Sehemu yake ngozi huiweka akiba, nyingine huharibika. Kinachobaki kuwa asidi ya retinoiki ni kidogo. Ndiyo maana retinoli huwa mpole kuliko dawa, na ndiyo maana matokeo yake huchelewa. Kuna vipodozi vyenye retinili palmitati, ambayo ina hatua moja zaidi ya kupitia kabla hata ya kuwa retinoli. Hiyo ni dhaifu zaidi.

Tretinoini, kwa upande wake, ni asidi ya retinoiki yenyewe. Haina safari ya kubadilishwa. Ukiipaka, inaanza kazi. Imetumika kutibu chunusi kwa zaidi ya nusu karne, kwani Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1971. Adapaleni na tazaroteni ni dawa zilizotengenezwa maabara ili zitoe amri hizo hizo kwenye seli. Kati ya dawa hizi tatu, adapaleni ndiyo ambayo kwa kawaida huvumilika zaidi, na tazaroteni ndiyo kali zaidi.

Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa na asilimia zilizoandikwa kwenye lebo. Mtu anaona chupa ya retinoli ya asilimia 1 na tyubu ya tretinoini ya asilimia 0.025, anahitimisha kwamba ya kwanza ni kali mara 40. Sivyo. Asilimia hulinganishwa tu kwa kitu kile kile. Tretinoini ya asilimia 0.1 ni kali kuliko tretinoini ya asilimia 0.025, lakini hata hiyo ya 0.025 inaweza kuichokoza ngozi kuliko retinoli yenye tarakimu kubwa zaidi. Kwa hiyo soma jina kwanza, tarakimu baadaye.

Usidhani pia kwamba kipodozi hakihitaji tahadhari. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa asilimia 0.3 ya retinoli kwa bidhaa za kupaka usoni, na asilimia 0.05 kwa losheni za mwili. Sababu ya ukomo huo ni jumla ya vitamini A ambayo mtu huipata kutoka kwenye chakula, vidonge na vipodozi kwa pamoja. Bado kuna chupa zenye zaidi ya kiwango hicho katika masoko mengi, na kwa anayeanza hakuna sababu ya kuzitafuta. Retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3 inatosha.

Nyumba moja, chupa mbili

Tuchukue mfano ambao wazazi wengi wataufahamu. Mama wa miaka 44 ana chupa ya retinoli ya asilimia 0.3 aliyoinunua kwa ajili ya mikunjo midogo pembeni mwa macho. Binti yake wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari, ana chunusi kwenye paji la uso na mashavu, na kila chunusi inayopona inaacha alama nyeusi. Je, binti atumie chupa ya mama?

Haitamdhuru akitumia kwa uangalifu, lakini si chaguo sahihi. Kwa chunusi, ushahidi wa miaka mingi uko upande wa dawa: adapaleni na tretinoini. Daktari akimwona binti huyu, kuna uwezekano mkubwa atamwanzishia jeli au krimu ya adapaleni ya asilimia 0.1. Huko Marekani adapaleni ya kiwango hicho inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016, kwa watu wa miaka 12 na zaidi. Hilo linatuonyesha kwamba kinachotenganisha kipodozi na dawa ni namna kinavyofanya kazi mwilini, wala si karatasi ya daktari peke yake.

Na mama je, achukue tyubu ya binti? Kwa mikunjo na rangi isiyo sawa, dawa yenye ushahidi mzito zaidi ni tretinoini, lakini retinoli ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu ambaye shida yake si ugonjwa. Abaki na chupa yake, mradi asiwe mjamzito wala asiwe anapanga ujauzito.

Kwa watoto wa miaka 10 au 11 ambao wameona retinoli kwenye simu na wanaitaka, jibu la mzazi ni fupi. Ngozi ya umri huo haina mikunjo ya kutibu. Kama mtoto ameanza kutoka chunusi mapema, apelekwe kwa daktari. Asipewe seramu ya watu wazima.

Wiki nane za kuanza

Turudi kwa yule binti na adapaleni yake. Ratiba hii inafaa pia kwa retinoli ya mama na kwa tretinoini ya kiwango cha chini.

Usiku wa kwanza anaosha uso kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato makali, bila dodoki wala kusugua. Anakausha kwa kugusagusa na taulo, kisha anasubiri kama dakika 20 ili ngozi ikauke kabisa, kwa sababu ngozi yenye unyevu hupitisha dawa nyingi zaidi. Anapaka losheni nyepesi. Baada ya hapo anakamua dawa kiasi cha punje moja ya njegere. Punje hiyo moja ni ya uso mzima. Anaigawa kwa vitone vitano: paji la uso, pua, kidevu na kila shavu, halafu anaitandaza. Anaruka kope, pembe za pua na pembe za mdomo, mahali ambapo dawa hujikusanya na kuunguza. Mwishoni anapaka losheni tena juu yake. Kuiweka dawa katikati ya losheni mbili hivi hupunguza ukali wake wakati ngozi inapoizoea.

Wasomaji wengi hupaka juu ya kila chunusi moja moja. Hiyo ni kazi bure. Retinoidi huzuia vitundu visizibe, maana yake inakinga chunusi ambazo bado hazijaonekana. Inapakwa eneo lote linalotoka chunusi.

Wiki ya 1 na ya 2, binti anapaka usiku mara mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine anapaka losheni peke yake. Wiki ya 3 hadi ya 5 anaongeza kuwa mara tatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya 6 hadi ya 8 anapaka usiku miwili mfululizo, wa tatu anapumzika. Kuanzia wiki ya 9, kama ngozi imetulia, anaweza kupaka kila usiku. Kila hatua inafuata ile ya kabla yake kwa sharti moja: ngozi isiwe inauma. Kama inauma, anabaki alipo kwa wiki mbili nyingine. Hakuna zawadi ya kufika wiki ya 9 mapema. Na mama anaweza kuridhika na mara tatu kwa wiki siku zote. Wengi hufaidika hivyo hivyo.

Kwa nini wiki nyingi hivyo? Retinoidi inapoanza kazi, tabaka la juu kabisa la ngozi, lile linalozuia maji yasitoke na uchafu usiingie, huwa jembamba na legelege kwa muda. Ngozi huchukua wiki kadhaa kujipanga upya na kuizoea dawa. Ukiipa dawa kila usiku tangu siku ya kwanza, unaubomoa ukuta kabla fundi hajaleta matofali.

Asubuhi kuna kazi moja isiyokwepeka: losheni ya kuzuia miale ya jua, yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, ile inayoandikwa SPF 30. Kiasi chake kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa juu ya urefu wa vidole viwili. Ngozi iliyo kwenye retinoidi huungua kwa urahisi, na jua hufanya madoa meusi yakolee hata mtu akiwa anatumia dawa sahihi. Kwa ngozi nyeusi, losheni yenye rangi ya udongo au kahawia husaidia zaidi kwenye madoa, kwa sababu oksaidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, na haiachi weupe usoni. Kofia pana na kivuli cha mwembe bado ni dawa nzuri.

Chombo chenyewe pia hakipendi jua. Retinoli huharibika kwa mwanga, hewa na joto, ndiyo maana bidhaa nzuri huwekwa kwenye tyubu ya bati au chupa ya kubonyeza, si kopo la mdomo mpana. Usiiache dirishani wala ndani ya gari. Ikibadilika rangi kuwa ya kahawia, imekwisha kazi.

Ngozi inapolalamika

Katika wiki ya 2 hadi ya 4, ukavu kiasi, kubanduka kidogo kama unga na ngozi kukaza ni mambo ya kawaida. Chunusi pia zinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni kabla ya kupungua. Hayo yanavumilika kwa losheni na subira.

Ishara mbaya ni nyingine, na kwa ngozi nyeusi zinahitaji jicho la makini. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi. Tazama badala yake kama sehemu imekuwa nyeusi zaidi, ya zambarau au ya kijivu, inang'aa kama imepakwa mafuta ilhali ni kavu, au ina joto ukiigusa. Kipimo rahisi kuliko vyote ni hiki: paka losheni yako ya kawaida ambayo hukuwahi kuihisi. Ikichoma, ukuta wa ngozi umevunjika.

Tuseme binti wetu, wiki ya 4, ana mahafali shuleni na anataka uso mzuri. Anaongeza dawa kuwa usiku minne mfululizo, tena kwa punje mbili. Siku ya tano maji ya kunawa yanamchoma na pembeni mwa pua pameanza kuwa peusi. Afanye nini? Anaacha dawa kabisa. Kwa wiki moja hadi mbili anatumia sabuni laini, losheni nzito au mafuta ya mgando, na kinga ya jua, basi. Losheni ikiacha kuchoma, anarudi mwanzo: punje moja, mara mbili kwa wiki. Hajapoteza matibabu. Amechelewa wiki kadhaa tu. Angeendelea kuipaka, doa la pembeni mwa pua lingeweza kumkalia hadi mwaka ujao. Lakini uso ukivimba, ukitoa maji au malengelenge, au macho yakivimba, hapo si mambo ya kusubiri nyumbani. Aende hospitali akiwa na tyubu mkononi.

Mara nyingi kinachounguza si retinoidi peke yake bali vitu vinavyorundikwa pamoja nayo. Katika wiki hizi nane weka kando sabuni za kusugua zenye chembechembe, maji ya limau, sabuni za kung'arisha na bidhaa zenye asidi ya salisiliki au glikoliki. Usinyoe nyusi kwa nta ya moto. Ngozi inaweza kutoka pamoja na nywele. Kama daktari ameandika pia benzoili peroksaidi, tretinoini za kawaida huharibika zikichanganywa nayo, hivyo moja hupakwa asubuhi na nyingine usiku. Adapaleni haina tatizo hilo, lakini kwa anayeanza kuzitenganisha ni salama zaidi.

Matokeo yana kalenda yake. Kwa chunusi, hesabu wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kwamba dawa imeshindwa. Alama nyeusi huchukua miezi mitatu hadi sita kufifia. Mikunjo huchukua miezi sita au zaidi. Piga picha moja siku ya kwanza, dirishani, na nyingine baada ya miezi mitatu mahali pale pale. Kioo cha kila asubuhi hakitakuambia kitu.

Wasiopaswa kupaka

Mwanamke mjamzito, au anayejaribu kupata ujauzito, asitumie retinoidi yoyote, ikiwamo retinoli ya kipodozi. Kinachoingia mwilini kupitia ngozi ni kidogo, lakini vitamini A ikizidi inaweza kudhuru kiumbe tumboni, na hakuna chunusi wala mkunjo unaostahili kubahatisha hivyo. Aliyepaka kabla ya kujua ana mimba aache na amweleze mkunga au daktari; hana haja ya kuingiwa na hofu. Anayenyonyesha aulize kwanza.

Vidonge vya isotretinoini ni jambo zito zaidi. Ni vya chunusi kali na vinaweza kusababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Havitumiki bila daktari, kipimo cha mimba na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango hadi angalau mwezi mmoja baada ya kumaliza dozi. Mzazi, vidonge hivyo visiazimwe baina ya ndugu wala marafiki.

Mwenye pumu ya ngozi usoni, au aliyezoea mkorogo, naye aanzie kwa daktari. Hapa pana mtego mmoja. Kuna tyubu zinazouzwa kama za "kung'arisha" ambazo ndani yake mna tretinoini, hidrokwinoni na steroidi, kwa mfano mometasoni au fluosinoloni, kwa pamoja. Steroidi hutuliza muwasho, hivyo mtu hudhani ngozi yake inaipenda dawa na anaendelea kwa miezi. Ngozi huwa nyembamba, chunusi mpya hutoka, na akiiacha uso unalipuka. Mchanganyiko kama huo una matumizi yake ya kitabibu, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi. Hauwezi kuchukua nafasi ya adapaleni ya binti wa miaka 17. Kabla ya kulipa, soma viambato vyote, si jina kubwa lililo mbele ya boksi.

Wafamasia na wauzaji wa dawa wana sehemu yao. Tyubu ya tretinoini hutoka dirishani kwa sekunde chache, na mara nyingi maneno pekee yanayoisindikiza ni "paka usiku". Maswali matatu yangeokoa nyuso nyingi: una mimba au unaitarajia? Unapaka nini kingine? Una kinga ya jua? Na wewe mgonjwa, asipokuuliza, mwambie mwenyewe. Kisha nenda nyumbani, kamua punje moja ya njegere, na usubiri Alhamisi.